Bima ya lori, kodi ya ghala: kugawa gharama zilizolipwa kabla bila kuiachia ERP ijiendee

Mwanza mambo makubwa hulipwa kwa mkupuo. Mwenye ghala Nyakato hataki kusikia habari za kodi ya mwezi mmoja mmoja. Anataka miezi sita, na akikuonea huruma ni mitatu. Bima nayo ni hivyo hivyo: ukitaka bima kubwa ya lori, unalipa ada ya mwaka mzima ndipo upewe stika. Kwa hiyo mhasibu wa kampuni yenye malori mawili na ghala moja hujikuta na mamilioni yaliyotoka benki leo, wakati sehemu kubwa ya fedha hizo inahusu miezi ambayo bado haijafika.

Maswali hayakosi kutoka kwa mwenye kampuni. Mmoja niliyekuwa nikimfungia vitabu, mzee anayesambaza vifaa vya ujenzi mpaka Sengerema na Geita, aliniita ofisini akiwa na mizania mkononi. "Mhasibu, hela ya bima imeshatoka benki, nimeisaini mwenyewe. Sasa hii unayoniambia ni mali, iko wapi?" Nikamjibu, "Mzee, ulichonunua ni siku 365 za kulindwa. Zilizotumika ni gharama. Ambazo hazijatumika bado ni zako, na ukivunja mkataba leo una haki ya kudai sehemu yake." Akaguna, akaelewa.

Kwenye makala haya nataka kushikilia jambo moja tu. Kwenye ERP kuna njia mbili za kugawa gharama ya aina hii, jonali inayojirudia na ratiba ya mgawo, na watu huzichanganya kana kwamba ni kitu kimoja. Jonali inayojirudia haina kumbukumbu. Inarudia kiasi ulichoiandikia, haijui mkataba unaisha lini usipoiandikia, haijui lori limeuzwa, haijui kodi imepanda. Ratiba ya mgawo inajua mwanzo, mwisho na jumla, lakini nayo haijui yaliyotokea nje ya mfumo. Ukishajua kila moja haijui nini, utajua pia uangalie wapi kila mwisho wa mwezi.

Mimi natumia Dynamics 365 Business Central, kwa hiyo majina ya skrini nitakayotaja ni ya humo. Mwenye mfumo mwingine atakuta majina tofauti, lakini hesabu ni ile ile.

Bima ya lori, siku kwa siku

Tuchukue lori moja. Ada ya bima ni shilingi 3,650,000, na juu yake kuna VAT ya asilimia 18, yaani 657,000. Jumla inayotoka benki ni 4,307,000. Bima inaanza tarehe 17 Machi 2025 na kuisha tarehe 16 Machi 2026. Ankara imeandikwa tarehe 14 Machi.

Kabla hujagusa mfumo, amua kwanza ni kiasi gani kinagawanywa. Kampuni iliyosajiliwa VAT, na ambayo mauzo yake yanatozwa VAT, inadai ile 657,000 kwenye ritani yake. Haiigawi kwa miezi. Kinachogawanywa ni 3,650,000, ambayo ukiigawa kwa siku 365 unapata 10,000 kwa siku. Kampuni ambayo haijasajiliwa haina pa kuidai VAT hiyo, kwa hiyo kwake gharama ni 4,307,000 nzima, sawa na 11,800 kwa siku. Nimeona watu wakigawa jumla yenye VAT huku wameshaidai kwenye ritani. Dalili yake ni rahisi kuiona: akaunti ya VAT na akaunti ya bima zote mbili zinaonyesha zile 657,000, na mizania inakubali tu kwa sababu kuna mahali pengine palipobebeshwa tofauti, mara nyingi akaunti ya msambazaji, ambayo inabaki na deni lisilokuwepo.

Jambo la pili ni tarehe. Si tarehe ya ankara, si tarehe ya malipo. Ni tarehe iliyoandikwa kwenye kava noti kuwa bima inaanza. Kwenye mfumo, unatengeneza kiolezo kwenye `Deferral Templates`, unachagua akaunti ya mizania (mimi huiita Bima Iliyolipwa Kabla), `No. of Periods` unaweka 12, na kwenye `Calc. Method` kwa bima ninachagua `Days per Period`. Halafu kwenye mstari wa ankara ya ununuzi unaweka `Deferral Code`. Kabla ya kuposti, fungua ratiba yenyewe, `Deferral Schedule`, badilisha `Start Date` iwe 17 Machi, kisha piga `Calculate Schedule` upya. Hatua hii ndiyo inayorukwa mno. Kiolezo huchukua tarehe kufuatana na kilivyopangwa, na kama kimepangwa kufuata tarehe ya kuposti, bima yako itaanza kuliwa siku tatu kabla haijaanza kufanya kazi.

Ratiba ikikaa sawa itakuwa na mistari 13, si 12. Machi 2025 ina siku 15, yaani 150,000. Aprili ni 300,000, Mei 310,000, na kuendelea hivyo kwa idadi ya siku za kila mwezi, mpaka Februari 2026 yenye 280,000 na Machi 2026 yenye siku 16, yaani 160,000. Ukijumlisha yote unarudi kwenye 3,650,000 bila senti kubaki. Tarehe 31 Desemba 2025, gharama iliyokwishaingia kwenye hesabu ya faida na hasara ni 2,900,000, na salio kwenye mizania ni 750,000. Hesabu siku kwa vidole ukitaka: Januari 31, Februari 28, Machi 16, jumla 75. Siku 75 kwa 10,000.

Kuna watakaosema, kwa nini tusigawe kwa 12 tukamaliza? Ukigawa kwa 12 unapata 304,166.67 kwa mwezi, na ukianza na Machi nzima, ifikapo Desemba umeshatoa miezi kumi, yaani 3,041,667 hivi. Tofauti na hesabu ya siku ni kama 141,667. Kwa lori moja haiumizi, na sitagombana na mtu anayegawa kwa miezi mradi afanye hivyo kila mwaka na kwa kila gari. Ila bima ni kitu kinachohesabiwa kwa siku na kampuni ya bima yenyewe. Siku ukivunja mkataba, hesabu yao itaanzia kwenye siku, na ni afadhali ya kwako iwe inaongea lugha hiyo hiyo.

Sasa kuna mambo mawili ya mfumo yanayowatoa watu jasho. La kwanza ni kwamba ratiba inavuka mwaka. Kama vipindi vya hesabu vya 2026 havijafunguliwa kwenye `Accounting Periods`, mfumo utakataa ukisema ratiba iko nje ya vipindi vilivyopangwa. Wapo wanaotatua hili kwa kupunguza `No. of Periods` ili ratiba iishie Desemba. Usifanye hivyo. Mfumo utakubali, lakini miezi ya 2025 itabeba gharama ya 2026, na hakuna kitakachokuonya. Fungua vipindi vya mwaka unaofuata, basi.

La pili linamshtua kila mgeni. Ukiposti ankara yenye ratiba, Business Central huingiza mistari yote kwenye leja siku ile ile, ila kila mmoja na tarehe yake ya mbele. Haingoji mwezi ufike. Kwa hiyo ukienda kwenye orodha ya akaunti na kuangalia salio la jumla la Bima Iliyolipwa Kabla bila kuweka kichujio cha tarehe, utaona sifuri. Dada mmoja wa mapokezi aliyekuwa amepandishwa kuwa karani wa hesabu alinipigia simu usiku akidhani amefuta bima za malori yote. Weka kichujio cha tarehe

```
..31/12/25
```

kisha soma safu ya `Balance at Date`. Ndipo 750,000 inajitokeza.

Lori likiuzwa katikati

Hapa ndipo ninapoona fedha nyingi zikipotea njia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuseme lori lile lile linauzwa mwisho wa Oktoba 2025. Bima inasitishwa tarehe 31 Oktoba. Gharama iliyotumika mpaka siku hiyo ni 2,290,000, salio ni 1,360,000, sawa na siku 136. Unaiandikia kampuni ya bima ikurudishie. Usitegemee kurudishiwa siku zote 136 kwa bei kamili. Mteja anapovunja mkataba mwenyewe, mara nyingi marejesho huhesabiwa kwa viwango vya muda mfupi ambavyo viko chini ya mgawo wa siku kwa siku, na kama kulikuwa na dai ndani ya muda huo huenda usipate kitu. Soma masharti ya mkataba wako. Tuseme katika mfano huu wamekubali kurudisha 900,000 kabla ya VAT. Basi 900,000 ni fedha unayowadai, na zile 460,000 zilizobaki ni gharama ya Oktoba. Usizisogeze mbele, kwa sababu hakuna tena ulinzi wa kusogeza. VAT ya marejesho unairekebisha kwa hati ya krediti watakayokupa.

Jonali inaonekana rahisi. Debiti wadaiwa 900,000, debiti gharama ya bima 460,000, krediti Bima Iliyolipwa Kabla 1,360,000. Akaunti ya mizania inakuwa sifuri kwa lori hilo tarehe 31 Oktoba, na mhasibu anakwenda zake kula sato.

Lakini kumbuka mistari ya mbele imeshapostiwa. Novemba itatoa 300,000, Desemba 310,000, Januari 310,000, Februari 280,000 na Machi 160,000. Jumla yake ni 1,360,000 ile ile. Usipoigeuza, mwisho wa Machi 2026 akaunti ya mizania itakuwa na krediti ya 1,360,000, na gharama ya bima itakuwa imezidi kwa kiasi hicho hicho, kwa lori ambalo liko kwa mtu mwingine. Kwa hiyo pamoja na jonali ile ya Oktoba, unaandika mistari mitano ya kinyume: debiti Bima Iliyolipwa Kabla, krediti gharama ya bima, kila mmoja na tarehe ile ile ya mstari unaoufuta. Usiiweke yote Oktoba kwa jumla moja. Utakuwa umeipendezesha Oktoba na kuiharibu miezi mitano inayofuata.

Je, utajuaje kama limetokea na hukuambiwa? Maana mhasibu huwa wa mwisho kusikia gari limeuzwa. Dalili ni kwamba gharama ya bima ya mwezi haishuki ingawa idadi ya magari imeshuka. Ndiyo sababu mimi huweka namba ya gari kama daimensheni kwenye kila mstari wa bima, na kila mwisho wa mwezi nalinganisha orodha ya magari yenye gharama ya bima na orodha ya magari yaliyo kwenye rejista ya mali. Gari lililo upande mmoja tu ni swali la kumuuliza mtu.

Kodi ya ghala na zuio lake

Kodi ya pango ni tulivu zaidi kwa kuwa kila mwezi ni sawa na mwingine, na hapa jonali inayojirudia inafaa. Ila kuna mtego kabla hujafika kwenye jonali yenyewe.

Ghala ni 1,200,000 kwa mwezi. Mkataba wa miezi sita, kuanzia 1 Novemba 2025 hadi 30 Aprili 2026, jumla 7,200,000. Mwenye nyumba ni mkazi, hajasajiliwa VAT. Kampuni inapomlipa inakata kodi ya zuio asilimia 10, yaani 720,000, na kumpa 6,480,000. Zuio hilo linakatwa kwenye malipo yote kwa wakati wa kulipa, na linapelekwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kuisha. Haligawanywi kwa miezi sita kwa kisingizio kwamba gharama imegawanywa.

Ingizo sahihi la Oktoba, mwezi uliolipa, ni debiti Kodi ya Pango Iliyolipwa Kabla 7,200,000, krediti benki 6,480,000, krediti zuio la kulipa TRA 720,000. Wengi huandika kilichotoka benki tu, 6,480,000, halafu wakienda kulipa zuio mwezi unaofuata wanalibeba lote kama gharama ya kodi. Utaliona hilo mara moja kwenye ripoti: kodi ya pango ya kila mwezi inasoma 1,080,000 badala ya 1,200,000, na Novemba peke yake inaruka hadi 1,800,000. Zuio ni kodi ya mwenye nyumba uliyomkatia. Gharama yako ni ile iliyoandikwa kwenye mkataba.

Na kama amekudai mwezi mmoja wa ziada kama amana, hiyo usiiguse. Ni fedha yako iliyoko kwake, inakaa kwenye wadaiwa mpaka utakapohama.

Sasa jonali. Kwenye `Recurring General Journals` unaandika mistari miwili, debiti gharama ya kodi ya pango 1,200,000 na krediti Kodi ya Pango Iliyolipwa Kabla kiasi hicho hicho. Tarehe ya kwanza ya kuposti ni 30 Novemba 2025. Oktoba haipati kitu ingawa fedha ilitoka Oktoba. Kwenye `Recurring Method` chagua `F Fixed`, ambayo inabakiza kiasi mwezi hadi mwezi. Kwenye `Expiration Date` andika 30 Aprili 2026. Kwenye `Recurring Frequency` andika

```
1D+1M-1D
```

Ukiandika `1M` peke yake, tarehe itakwenda 30 Novemba, 30 Desemba, 30 Januari, kisha 28 Februari, na kuanzia hapo itabaki tarehe 28 kila mwezi. Kwa ripoti ya mwezi haina madhara, ila inakera ukichuja kwa tarehe. Ile ndefu inasogeza siku moja mbele, inaongeza mwezi, inarudi siku moja, kwa hiyo inatua mwisho wa mwezi daima.

Njia iliyo na madhara ya kweli ni `RF Reversing Fixed`. Jina lake linavutia na liko kwenye orodha hiyo hiyo. Hiyo inaposti tarehe ya mwisho wa mwezi na kuigeuza siku inayofuata. Imetengenezwa kwa gharama ambazo hazijapata ankara, kwa mfano umeme wa mwezi ambao bili yake haijafika. Ukiitumia kwenye kodi iliyolipwa kabla, Novemba itaonyesha 1,200,000 vizuri kabisa. Tarehe 1 Desemba inarudishwa, 31 Desemba inapostiwa tena, na Desemba inasoma sifuri. Salio kwenye mizania linasimama kwenye 6,000,000 kila mwisho wa mwezi, wakati Desemba lilipaswa kuwa 4,800,000. Salio la gharama iliyolipwa kabla ambalo halishuki ni dalili ya kwanza kuitafuta.

Pia jonali hii haijiposti yenyewe. Mtu anaifungua na kuiposti. Akiumwa mwezi mmoja, tarehe kwenye mstari inabaki ya mwezi ule ule ulioachwa, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu ukifungua na kukuta tarehe ya 31 Januari wakati uko Machi, unajua umeruka. Iposti, irudie, mpaka ifike mwezi uliopo.

Mkataba ukiisha na mpya ukaanza, usirefushe `Expiration Date` ya mstari wa zamani. Tuseme kuanzia Mei kodi imepanda hadi 1,350,000 na mmelipa tena miezi sita, 8,100,000. Aliyerefusha tarehe bila kubadili kiasi atatoa 1,200,000 mara sita, na mwisho wa Oktoba 2026 mkataba umekwisha lakini akaunti bado ina 900,000. Mkataba mpya, mstari mpya, na namba ya mkataba iandikwe kwenye maelezo.

Jumla inaficha

Hitilafu nilizotaja zina tabia moja mbaya: zinaweza kujificha kwenye jumla. Chukua akaunti ya bima yenye malori mawili, pikipiki ya ofisi na bima ya moto ya ghala, zote zikiendeshwa kwa jonali zinazojirudia. Pikipiki imeisha muda wake Juni, mtu hakuweka tarehe ya mwisho, jonali inaendelea kutoa kila mwezi. Kwa pikipiki pekee salio limeshakuwa hasi. Lakini malori yana salio kubwa, kwa hiyo jumla bado ni debiti na inapendeza kwenye urari. Mkaguzi akija Februari na kuomba mchanganuo, ndipo inajulikana.

Dawa yake ni kuwa na jedwali nje ya leja, linalohesabu salio upya kutoka kwenye mikataba yenyewe, si kutoka kwenye yale yaliyopostiwa. Kwenye Eksel naweka mstari mmoja kwa kila bima: A maelezo, B namba ya gari, C tarehe ya kuanza, D tarehe ya mwisho, E kiasi kinachogawanywa. Tarehe ya kufunga mwezi iko kwenye seli ya H1. Kisha:

```
=MAX(0,MIN(D2-C2+1,D2-$H$1))*E2/(D2-C2+1)
```

Inahesabu siku zilizobaki baada ya tarehe ya kufunga na kuzizidisha kwa gharama ya siku. `MIN` inazuia bima ambayo haijaanza isizidi thamani yake, `MAX` inazuia iliyoisha isiwe hasi. Kwa lori letu, H1 ikiwa 31 Desemba 2025, jibu ni 750,000. Kodi ya ghala hesabu kwa miezi iliyobaki, usitumie fomula hii, kwa sababu tuliigawa kwa miezi na siku zitakupa tofauti ndogo ya bure.

Kisha linganisha mstari kwa mstari na leja iliyochujwa kwa tarehe ile ile na kwa daimensheni ya gari. Usilinganishe jumla kwa jumla pekee. Mstari wenye salio la krediti umepita mwisho wake. Mstari wenye salio kwenye leja lakini sifuri kwenye jedwali umeisha na haujafutwa. Ulio kwenye jedwali lakini haupo kwenye leja, ankara yake imekwenda moja kwa moja kwenye gharama, na hilo hutokea sana pale anayeingiza ankara si yule anayefunga mwezi.

Si kila kitu kiingie humu. Kampuni ninazofungia huwa tunakubaliana kiwango na mwenye kampuni na mkaguzi, na kilicho chini yake kinakwenda gharama moja kwa moja hata kama kinahusu mwaka mzima. Kugawa usajili wa tovuti wa shilingi 90,000 kwa miezi 12 ni kujitafutia mistari 12 ya kukagua kwa ajili ya 7,500. Kwa upande mwingine, kodi ya mkataba unaozidi miezi 12, kwa kampuni inayofuata IFRS kamili, hutoka kabisa kwenye utaratibu huu na kuingia kwenye hesabu za upangaji za IFRS 16, ambako kuna haki ya kutumia mali na deni lake. Ghala la miezi sita sita linaweza kubaki hapa kama mkataba wa muda mfupi, mradi huna uhakika wa kuendelea kuurefusha. Kama umekaa kwenye ghala hilo hilo miaka minne, umejenga rafu za chuma ukutani na huna mpango wa kuhama, mkaguzi atakuuliza hilo, na jibu la "mkataba unasema miezi sita" halitamtosha.